Yeye achukue uwekezaji, mimi nibaki na nyumba: hesabu hii imekaa sawa?

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni muuguzi wa hospitali ya serikali hapa Morogoro, nina miaka 41. Nilifunga ndoa kanisani 2009, tuna watoto wawili, mkubwa yuko bweni kidato cha pili, mdogo darasa la nne. Mume wangu anafanya kazi kwenye kampuni binafsi Dar es Salaam. Kwa miaka mitatu sasa tunaishi kila mtu kivyake, na wote wawili tumekubali kwamba hapa tulipofika hakuna kurudi nyuma. Hatugombani. Ndiyo maana naandika sasa, kabla hatujaanza kugombana.

Mwezi uliopita alikuja na karatasi ya mgawanyo. Nyumba yetu ya Kihonda ameiandika milioni 95, nichukue mimi na watoto. Yeye achukue hatifungani ya miaka 20, yaani pesa aliyoikopesha serikali kwa riba, aliyonunua 2020 kwa milioni 30, vipande vyetu katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaoitwa Umoja vya milioni 22, hisa za benki za milioni 13, na kiwanja cha Kibaha cha milioni 30. Amejumlisha chini: 95 kwa 95. Akaniambia, "Umepata kitu kinachoshikika, mimi nimebaki na makaratasi."

Kwa kweli nilifurahi. Nyumba ndiyo niliyokuwa naililia. Lakini nilipolala nikaanza kujiuliza. Mkopo wa SACCOS uliomalizia kupaua na kuweka madirisha uko kwa jina langu, umebaki milioni 18, unakatwa 420,000 kila mwezi kwenye mshahara. Kwenye karatasi yake haupo. Akiba yangu ya SACCOS milioni 9 nayo haipo, kasema hiyo ni yangu. Nikikatwa, mkononi inabaki 640,000. Ada ya mkubwa ni 2,400,000 kwa mwaka, na mpaka sasa tulikuwa tunailipa kwa riba ya hatifungani.

Vipande viko kwa jina langu, ila pesa nyingi alikuwa anatuma yeye. Dada yangu ananiambia nivitoe vyote sasa hivi kabla hajashtuka, nikanunue bajaji mbili. Hatifungani na hisa ziko kwa jina lake. Kiwanja kimeandikwa jina la mdogo wake, sijui kwa nini.

Nikidai zaidi nitaonekana mroho, kwa sababu kweli hatifungani alinunua yeye. Mshahara wangu uliishia kwenye chakula, mavazi na nauli. Nikinyamaza naogopa nitakaa kwenye nyumba nzuri nisiyo na uwezo wa kuilisha. Mama, nianzie wapi?

Mama wa Wawili, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Niseme kwanza kuhusu neno mroho, kwa sababu naona ndilo limekufunga mdomo kuliko sheria yoyote. Umeandika kwamba hatifungani "alinunua yeye". Hebu turudi 2020. Mwaka huo nani alikuwa ananunua unga, nani analipa nauli ya shule, nani anakaa na watoto usiku ili mwenzake awe Dar es Salaam anafanya kazi? Milioni 30 zilibaki mfukoni mwake kwa sababu mshahara wako ulikuwa unabeba nyumba. Ungekuwa haupo, chakula, mavazi na nauli vingetoka kwenye pesa hizo hizo.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaliona hilo. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizopatikana kwa jitihada za pamoja, na kinaitaka ipime mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wewe una kazi za nyumbani na mshahara juu yake. Baada ya kupima hayo na mengine, kifungu hicho kinaielekeza mahakama iegemee usawa. Kuegemea si kulazimika, kwa hiyo usiende ukitangaza kwamba sheria inakupa nusu kwa nusu. Kuna waliotoka na theluthi, kuna waliotoka na zaidi ya nusu, kwa kadiri ya ushahidi walioleta.

Jina nalo lina uzito wake. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyo kwa jina la mwenza mmoja inachukuliwa kuwa ni yake mpaka mwingine aonyeshe vinginevyo. Kwa hiyo hisa na hatifungani zinaanzia upande wake, vipande vinaanzia upande wako, na kila mmoja ana mzigo wa kuonyesha mchango wake kwa kile kilicho kwa mwenzake. Wewe unaonyesha kwa karatasi za mshahara, risiti za ada na taarifa za benki. Yeye kwa upande wa vipande atatoa rekodi za pesa alizokuwa anakutumia kwa simu. Na usijidanganye, atazitoa.

Hapo ndipo lilipo tatizo la ushauri wa dada yako. Wengi wanaijua nusu tu ya hukumu ya Bi Hawa. Mahakama ilikubali kwamba kazi zake ni mchango, lakini mwisho hakupata mgawo, kwa kuwa mume alikuwa amempa fedha za kujenga nyumba na ilionekana alizitapanya. Vipande ukivitoa leo kimya kimya, kesho vitahesabiwa kwamba umeshavipokea, hata kama bajaji moja imeibwa na nyingine iko gereji. Mfuko unaweka kumbukumbu ya kila kipande kilichouzwa na tarehe yake. Zaidi ya hapo, mtu ambaye mpaka sasa hamgombani naye utakuwa umempa sababu. Naelewa dada anakuonea uchungu. Lakini viache vilipo, chukua taarifa ya akaunti yenye tarehe ya leo, na umwombe mumeo naye asiguse hisa wala hatifungani mpaka mmalize. Mwandikiane hata kwa ujumbe wa simu.

Sasa tuje kwenye 95 kwa 95. Sidhani mumeo amekusudia kukudhulumu, maana karatasi kama hii nimeiona imeandikwa na watu wema kabisa. Tatizo lake ni kwamba inajumlisha vitu visivyofanana. Milioni moja ya vipande unaiomba na unaipata ndani ya siku chache. Milioni moja ya ukuta wa Kihonda huwezi kuipata mpaka uuze nyumba nzima. Milioni moja ya hatifungani inazaa pesa kila baada ya miezi sita, na milioni moja ya kiwanja inazaa majani. Kwa hiyo kila mstari uulize mambo mawili: leo hii kikiuzwa, mkononi itabaki shilingi ngapi? Na kisipouzwa, kwa mwaka kinaingiza au kinakula kiasi gani?

Nyumba kwanza. Hiyo 95 kaipata wapi? Mara nyingi inatoka kwenye bei ambayo jirani anatangaza, na bei ya kutangaza siyo bei ya kuuzia. Tafuteni mthamini aliyesajiliwa, mlipe nusu kwa nusu, na awe mmoja mliyemkubali wote. Kila mmoja akija na wake, mtarudi kwenye mabishano mkiwa mmeshatumia pesa. Mwambieni pia kama mna hati miliki au mna karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, kwa sababu benki na mnunuzi makini wanatofautisha.

Halafu mkopo. Kifungu kile kile cha 114 kinataja madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili kuwa jambo la kupimwa. Bati na madirisha ya nyumba ya familia ni faida ya wote, hata kama saini ni yako peke yako. Tafuta kwenye SACCOS fomu ya maombi ya mkopo, maana huwa ina mstari wa sababu ya kukopa, na ukusanye risiti za bati na za fundi. Kwa uadilifu huohuo, akiba yako ya milioni 9 nayo iingie mezani. Iliwekwa ndani ya ndoa kama hatifungani ilivyowekwa. Najua inauma, ila huwezi kumwambia deni ni letu halafu akiba ni yangu. Na kumbuka akiba hiyo imeshikwa kama dhamana ya mkopo, na labda ya mikopo ya wenzako uliowadhamini. Thamani inayo, lakini leo huwezi kuigusa. Orodha ya wale uliowadhamini uiombe pia, kwa kuwa talaka haifuti udhamini.

Hatifungani ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Hatifungani ya miaka 20 iliyouzwa 2020 ilikuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka, nayo haibadiliki mpaka iive 2040. Kwa milioni 30 hiyo ni 4,647,000 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili, 2,323,500 kila baada ya miezi sita. Aprili 2022 serikali ilishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 20 hadi asilimia 12.10, na tangu hapo viwango vimepanda na kushuka. Maana yake ni kwamba hatifungani yenu inaweza kuuzwa sokoni kwa zaidi ya milioni 30, au pungufu, kutegemea hatifungani mpya zinatoa riba gani siku hiyo. Mumeo ameandika bei aliyonunulia. Mpigie dalali yeyote aliyesajiliwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, mwambie riba na mwaka wa kuiva, muulize inauzika shilingi ngapi kwa kila mia. Kuuliza ni bure. Hisa za benki nazo bei yake inatangazwa kila siku ya soko, ila kama benki yenyewe hisa zake haziuziki kirahisi, bei ya ubaoni usiitegemee mno.

Kiwanja cha Kibaha nitakipita haraka. Kimeandikwa jina la shemeji yako, na mahakama husita kugawa mali iliyo kwa jina la mtu ambaye hayumo kwenye shauri. Kwa karatasi ya sasa kiko upande wa mumeo, kwa hiyo usumbufu huo ni wake. Usikubali tu kibadilishwe kije kwako kabla shemeji hajasaini uhamisho.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mthamini amekuja na milioni 80, na dalali amesema hatifungani inauzika 108 kwa kila 100, hivyo milioni 30 inakuwa 32.4. Nimezibuni hizo mbili ili uone njia, zako zitakuwa tofauti. Upande wako: nyumba 80, ongeza akiba 9, toa mkopo 18, unabaki na milioni 71. Upande wake: hatifungani 32.4, vipande 22, hisa 13, kiwanja 30, jumla 97.4. Ile 95 kwa 95 imekuwa 71 kwa 97.4, na hakuna aliyemwibia mwenzake. Pengo ni milioni 26.4, kwa hiyo mkitaka kulingana, milioni 13.2 zihame kutoka kwake kuja kwako.

Zihame kwa sura gani? Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwenye kiasi chenyewe. Akikwambia, "Chukua vipande vya 13.2," una akiba unayoweza kuigusa ukiugua au paa likivuja. Akikupa sehemu ya hatifungani, tuseme ya milioni 12 kwa thamani yake ya kununulia, hiyo kwa bei ya mfano wetu ni karibu milioni 13, na inakuletea 1,858,800 kwa mwaka. Linganisha na ada ya 2,400,000: pungufu ni 541,200 tu. Hatifungani inaweza kugawanywa, siyo lazima yote iende upande mmoja. Mwulizeni dalali utaratibu wa kuihamisha sehemu kwa jina lako bila kuiuza, kwa amri ya mahakama. Ubaya wake ni kwamba ukipata dharura ukalazimika kuiuza, unaweza kuangukia siku ambayo bei iko chini, wakati vipande vya Umoja unatoa kiasi unachotaka na kinachobaki kinaendelea. Wengine huchanganya, sehemu hiki na sehemu kile. Wewe unajua unalala vizuri zaidi na kipi.

Kuna jambo moja la ada ambalo naomba msilichanganye na mgawanyo. Wajibu wa baba kuwatunza watoto unasimama peke yake, kwa Sheria ya Ndoa na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Akisema, "Nimekuachia nyumba, kwa hiyo ada ni juu yako," anakuwa amelipa deni la watoto kwa mali ambayo tayari ilikuwa na sehemu yako. Andikeni matunzo kwenye ibara yake: kiasi gani, kwa tarehe gani, kwa nani, na nini kitatokea ada ikipanda.

Je, nyumba yenyewe uichukue? Umesema ndiyo uliyokuwa unaililia, na mimi siwezi kukuambia usilie. Nitakuuliza tu unalilia nini hasa: ni ukuta, ni watoto kutokuhamishwa shule, au ni kuonekana mtaani kwamba hukufukuzwa? Kila jibu lina njia yake. Kwa 640,000 kwa mwezi, ukitoa ada yote mwenyewe, zinabaki 440,000 za chakula, umeme, maji, nauli na mdogo. Hapo sijaweka rangi wala fundi bomba. Nyumba inawezekana kwa hesabu hiyo endapo tu ada ina chanzo kingine, ama riba ama baba.

Ukiona haiwezekani, kuuza na kugawana kunakuondolea mkopo kwa siku moja na kukuachia pesa, lakini nyumba za haraka huuzwa kwa hasara, na kodi ya pango inaanza mwezi huo huo. Mkimuuzia mtu wa nje mtahitaji pia kwenda TRA, kwa kuwa faida ya mauzo ya nyumba inaweza kutozwa kodi, na gharama mlizojengea hazitahesabiwa bila risiti. Uhamisho kati yenu wawili ni tofauti. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mali iliyohamishwa kwa mwenza kama sehemu ya mgawanyo wa talaka au ya makubaliano ya kutengana ihesabike kama haikuzaa faida, mradi anayepokea achague hivyo kwa maandishi. Faida haifutwi. Inasubiri siku utakayouza, ukiwa umebeba gharama ile ya zamani. Ndiyo maana risiti zote za ujenzi zikae kwako.

Njia ya tatu ni kuiacha kwa majina ya wote wawili mpaka mdogo amalize kidato cha nne. Kwa watu wasiogombana inafanya kazi, na inakupa miaka ya kupumua. Hatari yake ni kwamba katikati yake mmoja ataoa au ataolewa, au atafariki, na warithi wake watakuwa wabia wako. Mkiichagua, andikeni nani analipa matengenezo, nani anaruhusiwa kupangisha, na mtaiuza kwa utaratibu gani. Ile ya nne, ya kuongeza mkopo SACCOS ili umnunue sehemu yake, sijaipenda kwa mshahara wako wa sasa. Lakini mshahara unapanda, na mkopo uliopo una mwisho, kwa hiyo haijafungwa milele.

Yote haya yawekwe wapi? Karatasi ya mezani, hata ikisainiwa mbele ya wazee, haitoshi. Mahakama inagawa mali za ndoa inapotoa talaka au amri ya kutengana. Hiyo ya pili nimeitaja makusudi, kwa kuwa mmefunga ndoa kanisani na huenda neno talaka ni zito kwenu. Amri ya kutengana inafungua mlango wa mgawanyo bila kuvunja ndoa, ingawa nayo ina maana kwamba hakuna kati yenu anayeweza kuoa au kuolewa tena. Kabla ya kuomba talaka mtapita kwenye Bodi ya Usuluhishi wa Ndoa, na ikishindikana mtapewa hati inayosema hivyo. Bila hati hiyo ombi la talaka huwa linakwama, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Makubaliano yenu mnaweza kuyapeleka mahakamani yakaingizwa kwenye amri, na amri hiyo ndiyo benki, mfuko na dalali wataitaka ili wabadilishe majina. Wakati huu wote nyumba haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa yako, na ukihisi hatari unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Mwanasheria mpate mapema, hata kwa saa moja ya kusomewa makubaliano. Kama ada ya wakili ni nzito, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya wakuelekeze kwenye msaada wa kisheria.

Baada ya amri kuna kazi ndogo ndogo ambazo watu husahau mpaka zinawaumiza. Kila mahali ulipoandika jina la mumeo kama mrithi, SACCOS, vipande, benki, bima, nenda ukaamue upya. PSSSF hamtaigawa leo kama vipande, kwa kuwa mafao hulipwa wakati wa kustaafu, lakini taarifa za wategemezi wako zirekebishwe. Mume wako na NSSF yake ni vivyo hivyo, na mnaweza kukubaliana kuyataja mafao ya wote wawili katika kupima usawa hata kama hayagawanywi. Kadi za bima ya afya za watoto hakikisha ziko chini ya nani kabla ya mtu kuondolewa. Akaunti ya benki ya pamoja, kama ipo, ulizeni kama inaruhusu yeyote kati yenu kutoa au lazima msaini wote.

Halafu mpango wako mwenyewe, ambao ningeupanga kwa kufuata kinachokukaba kwanza. Miezi mitatu ya matumizi, kwako ni kama milioni 1.5 hadi 2, ikae mahali pa kutoka haraka. Mfuko wa Ukwasi umetengenezwa kwa kazi hiyo, au akaunti ya akiba isiyo na kadi. Riba ya hatifungani, ukiipata, isiingie kwenye akaunti ya mshahara. Ifungulie akaunti ya ada peke yake, maana inakuja mara mbili tu kwa mwaka na muhula hausubiri. Ukiona tarehe za riba na za muhula hazikutani, sehemu ya vipande ndiyo ya kuziba katikati. Mkopo wa SACCOS usiuongeze hata wakikupigia simu kwamba umestahili, na siku utakapoisha, hizo 420,000 zigawe kabla hujazizoea: sehemu irudi nyumbani, sehemu iende kwenye vipande kila mwezi kwa ajili ya uzee wako. Bajaji za dada yako tutazizungumza siku hiyo. Si biashara mbaya, ila inataka mtu wa kuisimamia, na wewe una zamu za usiku.

Kuhusu mazungumzo na mumeo, usianze na kusema karatasi yako ni ya uonevu. Mwambie umeipenda, na unataka mstari mmoja mmoja uwekewe bei ya leo, deni na akiba viongezwe, kisha mkae tena. Akikataa kuweka mkopo, muulize kwa utulivu madirisha ya Kihonda yalilipwa na nani. Huenda naye ana hofu zake, pengine anaogopa kubaki Dar es Salaam bila pa kulala akistaafu, na hofu hiyo ikisemwa mezani inaweza kupata nafasi yake kwenye hesabu.

Wiki hii usifanye yote. Kachukue taarifa ya vipande, taarifa ya mkopo na akiba kutoka SACCOS, na bei ya dalali. Ukishapata namba hizo tatu, niandikie tena kabla hujasaini chochote.